Kusafisha meseji 46 za ofisi, alama moja baada ya nyingine

Alhamisi moja saa kumi jioni niliandika meseji hii nikaituma kwenye kundi la wapagazi wetu:

"Mzigo umeingia 🔥🔥 Wagumu wa Machame njooni ofisini chap!!"

Mimi nilikuwa nawazia mabegi mawili. Wageni wetu walikuwa wameanza kupanda mlima kwa njia ya Machame asubuhi ile bila mabegi yao, maana yalikosa ndege, na mchana yakafika KIA. Nilihitaji watu wawili tu wa kuyachukua kesho yake alfajiri na kuwafuata wageni hadi kambi ya Shira. Ilipofika saa kumi na moja na nusu, watu kumi na wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi la nje ya ofisi na wengine wamesimama ukutani. Walikuwa wakisubiri malipo ya safari ya wiki iliyotangulia, na mtaani kwetu mzigo ukiingia, ni pesa imeingia. Zile alama za moto ziliwathibitishia kwamba ni habari njema. Wawili walitoka Pasua kwa bodaboda, mmoja alipanda gari kutoka Machame kwenyewe akashuka mjini na mtoto mgongoni.

Niliwaeleza, nikawarudishia nauli, nikaomba radhi. Hakuna aliyenifokea. Yule mama mwenye mtoto alisema tu, "Haya dada, basi utatuambia," akaondoka. Usiku ule nilifungua meseji zote tulizozihifadhi kwa ajili ya kutuma mara kwa mara na kuzisoma moja baada ya nyingine. Zilikuwa 46.

Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya kupandisha wageni mlimani hapa Moshi. Kila safari inahitaji mfululizo wa taarifa zilezile: nani anakwenda, tunakutana saa ngapi, aje na nini, uzito wa mzigo, mabadiliko ya hali ya hewa, malipo, sare kurudishwa. Ndiyo maana tunazo tayari, nyingine kama majibu ya haraka kwenye WhatsApp Business, nyingine kwenye orodha ya SMS kwa wale wenye kitochi au wasio na bando. Ziliandikwa na watu wanne tofauti kwa miaka kadhaa, na kila mmoja aliacha mkono wake. Mmoja alipenda 😊 mwisho wa kila sentensi. Mwingine hakuandika sentensi bila alama tatu za mshangao. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa "chap" na 🔥.

Bosi alishasema siku nyingi kwamba zisafishwe ziwe za kiofisi. Kwa hiyo siku iliyofuata nilizisafisha kwa namna ambayo nadhani watu wengi wangefanya: nilifuta kila emoji, kila alama ya mshangao, na kila neno lililonukia kijiwe. Kazi ya saa mbili. Zilipendeza machoni. Jumatatu tukaanza kuzitumia.

Jumatano kiongozi wetu mmoja wa safari, mtu mzima ambaye tumefanya naye kazi tangu nianze, alikuja ofisini akafunga mlango nyuma yake. "Dada, vijana wananiuliza tumekosa nini."

Nilimwomba anionyeshe. Alikuwa na meseji hii kwenye simu:

"Leteni vitambulisho ofisini kabla ya saa 8 mchana."

Ilivyokuwa mwanzoni, kabla sijaigusa:

"Wakuu habari za asubuhi 😊 Leteni vitambulisho ofisini kabla ya saa 8 mchana 🙏"

Ukiziweka mbili hizi pamoja utaona nilichofanya. "Leteni" ni amri tupu. Aliyeiandika mara ya kwanza alijua hivyo, na kwa kuwa alikuwa na haraka hakuibadilisha, akailainisha kwa alama. Ile 😊 ilikuwa salamu ya uso, na 🙏 ilikuwa "tafadhali". Nilipofuta alama nikaacha kitenzi kama kilivyo, nilibaki na sauti ya askari wa geti. Kiswahili kina namna yake ya kuomba, na iko ndani ya kitenzi chenyewe: "mlete" si "leteni". "Ni" ya mwisho inaondoka, "m" inakuja mwanzoni, na hilo linabadilisha kila kitu. "Naomba" mbele yake inamaliza kazi. Meseji ile leo inasomeka hivi:

"Habari za asubuhi. Naomba mlete vitambulisho ofisini kabla ya saa 8 mchana ili majina yaingie kwenye orodha ya geti leo. Asanteni."

Haina alama hata moja, na hakuna aliyeuliza kama amekosa. Sababu imetajwa pia, kwa sababu niligundua kwamba emoji nyingi zilikuwa zimewekwa mahali ambapo mwandishi hakutoa sababu. Mtu anapojua kwa nini anaharakishwa, hahitaji kubembelezwa sana.

Hapo nikaanza upya, na safari hii sikusoma meseji moja moja. Niliziweka zote, kama zilivyokuwa kabla sijazigusa, kwenye jedwali la Sheets: safu ya A jina la meseji, B maneno yake, C nani anaipokea, D inatumwa wakati gani. Halafu nikazisoma kwa alama. Yaani nilichagua alama moja, nikatafuta kila inapotokea katika zote 46, nikajiuliza hapa inafanya kazi gani, na hapa, na hapa. Ukisafisha meseji moja peke yake, kila alama inaonekana haina madhara. Ukiisoma alama hiyohiyo mahali ishirini ndipo unaona inasema mambo matano tofauti, na anayepokea analazimika kukisia.

🙏 ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote. Katika jedwali ilikuwa na kazi hizi: "tafadhali" kwenye maombi, "asante" baada ya safari, "samahani" malipo yanapochelewa, heshima kwa wazee mahali ambapo uso kwa uso tungeamkia, na sala kwenye rambirambi. Mpokeaji ni yuleyule, wiki ileile. Jumatatu mikono ile inamwomba alete koti, Ijumaa inamwambia pesa haijatoka.

Kwenye maombi niliitoa na kuweka "naomba", kama nilivyoonyesha. Kwenye shukrani niliitoa bila huzuni yoyote, maana "asanteni sana kwa kazi ya siku saba" inajitosheleza. Penye malipo kuchelewa niliitoa kwa sababu nzito zaidi. Mtu anayedai haki yake hataki mikono iliyokunjwa, anataka tarehe. Ilikuwa imeandikwa "Malipo yatachelewa kidogo wapendwa 🙏🙏". Sasa ina nafasi tatu za lazima kujazwa: malipo ya safari gani, yatatoka siku gani, na nani wa kumpigia simu. Ikiwa tarehe haijulikani, meseji haitumwi mpaka ijulikane. Alama ile ilikuwa imekaa mahali pa taarifa iliyokosekana, na nimekuja kuamini kwamba hicho ndicho kipimo bora: futa emoji, soma tena, na kama meseji imebaki na tundu, ujue tundu lilikuwepo tangu mwanzo.

Heshima kwa wazee ilikuwa na ugumu wake. Tuna mpishi mkongwe ambaye karibu kila mtu ofisini angemwamkia shikamoo. Kwenye meseji inayokwenda kwa watu thelathini wa rika zote huwezi kuandika "shikamoo", maana nusu yao ni wadogo zako. Tulikubaliana kwenye "Habari za asubuhi", na zile zinazokwenda kwa wapishi peke yao, ambao kwetu ni watu wazima wote, zikaanza na "Shikamooni". Ni neno moja, na lilifanya kazi ambayo mikono saba ya kwenye simu haikuweza.

Rambirambi nitarudi kwake.

Alama ya mshangao ni rahisi kuhesabu, kwa hiyo niliihesabu. Fomula hii unaiweka kwenye safu ya E, inakuambia zipo ngapi katika meseji ya mstari huo:

```
=LEN(B2)-LEN(SUBSTITUTE(B2,"!",""))
```

Nikapanga jedwali kuanzia yenye nyingi. Iliyoongoza ilihusu kufua na kurudisha sare. Ya pili ilihusu chai ya ofisini. Kule chini, ikiwa na moja tu, kulikuwa na meseji inayokataza kuwasha jiko ndani ya hema lililofungwa.

Niliduwaa hapo muda. Jiko linalowaka ndani ya hema lililofungwa linatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na mtu analala asiamke. Baridi ya kambi ya Barafu usiku inamshawishi mtu yeyote kufunga zipu na kuwasha jiko apate joto. Na sisi tulikuwa tumepaza sauti zaidi juu ya sare.

Kanuni niliyojiwekea ni hii: kama ningekuwa nimesimama mlangoni pa hema, je, ningepaza sauti? Kwa sare, hapana. Kwa muda wa kukutana, hapana. Ningesema vizuri na kurudia saa. Kwa jiko, ningepiga kelele. Alama ya mshangao ikabaki kwenye jiko. Ilibaki pia kwenye "Hongereni!" inayotumwa kikosi kikishuka Mweka salama. Mwenzangu ofisini alitaka hiyo nayo itoke kwa sababu "hongereni" imeshabeba furaha yake. Nilikataa, na bado nakataa. Watu wametoka kulala kwenye baridi siku saba wakiwa wamebeba kilo 20 kichwani. Mlangoni pa geti la Mweka tunawapigia kelele na vigelegele, basi na kwenye simu tupige. Zilizobaki zote ziliondoka, na meseji ya jiko sasa inasikika.

Mahali pengine ambapo nilifuta alama ya mshangao, ilibidi nihamishe uzito. "Msisahau koti la mvua!!!" ikawa "Naomba kila mmoja aje na koti la mvua. Asiye nalo aniambie leo kabla ya saa 11 jioni." Zile alama tatu zilikuwa zinasema jambo hili ni muhimu bila kusema nini kitatokea mtu asipokuwa nalo. Sentensi ya pili inasema.

Hiyo hiyo ndiyo sababu ⚠️ ilipungua. Ilikuwa kwenye kila kitu, hata kwenye kuosha vikombe. Sasa ipo kwenye meseji tatu tu: jiko, dalili za ugonjwa wa mwinuko, na mvua kubwa au theluji njiani. Na mahali pote ilipobaki, neno HATARI limeandikwa mbele yake kwa herufi kubwa, kwa sababu ambayo mpishi wetu mkongwe alinifundisha.

Nilimpelekea simu yangu nimsomee meseji mpya. Akasema, "Mwanangu, hebu na wewe usome kwangu." Akatoa kitochi chake. Kwenye skrini, mahali ambapo mimi niliweka alama, palikuwa na vijisanduku vitupu. Meseji moja ilianza na sanduku, ikaisha na masanduku mawili. Alikuwa anazipokea hivyo miaka yote na hakuwahi kusema, alidhani ni mtandao. Nikamwuliza ile ya kuthibitisha safari aliielewaje. Ilikuwa imeandikwa "Kama upo tayari jibu kwa 👍". Kwake ilisomeka "jibu kwa", halafu sanduku. Alikuwa akipiga simu kila mara kuuliza ajibu nini, na sisi tulimwona ni mzee anayependa kupiga simu.

Hiyo 👍 si pambo. Ni maelekezo, na ukiifuta bila kuweka kitu meseji inakatika katikati. Sasa inasema "Jibu NDIYO kama utakuwepo, HAPANA kama hutakuwepo." Kuna faida ya pembeni kwa mtu wa ofisi. Vidole gumba huja kwa rangi za ngozi tofauti, na kwenye jedwali ukihesabu kwa COUNTIF seli zilizo sawa na 👍, haikuhesabii 👍🏿. NDIYO ni NDIYO kwa kila mtu, hata akiandika kwa herufi ndogo.

Kwenye SMS emoji ina gharama ya pesa pia, na hii inafaa kuijua mtu yeyote anayetuma kwa wingi. SMS ya kawaida inabeba herufi 160, mradi zote zimo kwenye orodha ya herufi iitwayo GSM-7. Alama ya mshangao imo humo. Emoji haimo. Ikiingia emoji moja tu, meseji nzima inahamia kwenye mfumo mwingine, UCS-2, ambao SMS moja inabeba herufi 70, na ikizidi hapo inakatwa vipande vya 67. Chukua hii yetu ya kambini:

"Habari za jioni. Kesho kambi itang'olewa saa 1 asubuhi. Naomba kila mmoja apime mzigo wake kabla ya kuondoka. Asante."

Ni herufi 117. Bila emoji ni SMS moja kwa kila mtu. Ukiongeza 🙏 mwishoni ni SMS mbili kwa kila mtu. Kikosi cha watu 38 kinakula SMS 76 badala ya 38, na zaidi ya nusu ya kikosi wanaona sanduku.

Nilifuta emoji zote kwenye orodha ya SMS, lakini meseji hii bado ilihesabiwa mbili. Niliitazama mpaka macho yakauma. Tatizo lilikuwa kwenye "itang'olewa". Niliiandika kwenye Word, na Word ikageuza kile kikoma cha juu kilichonyooka kuwa kilichopinda, ’ badala ya '. Kilichopinda hakimo kwenye GSM-7. Kiswahili chetu kimejaa ng', kwa hiyo mtego huu unatuhusu kuliko wengine: kung'oa, kung'aa, ng'ambo. Watoa huduma wengine wa SMS hukibadilisha wenyewe, wengine hawabadilishi. Nilitafuta ’ kwenye safu yote ya B nikaweka ' kwa mkono, na hesabu ikarudi kuwa moja.

Sasa lugha ya mtaani. Hapa ndipo nilipofanya uharibifu mkubwa kwenye ule usafi wa kwanza, kwa kutumia tafuta-na-badilisha. Niliamuru "poa" iwe "sawa" kote. Zilipoanza kutumika, mtu akanitumia picha ya meseji ya mafunzo: "Unasawanza kupanda, tembea polepole." Ilikuwa "Unapoanza". Nyingine ilisema chakula "kikisawa" kipashwe moto. Kiswahili kinashikanisha vipande vya neno, kwa hiyo neno fupi la mtaani hujificha ndani ya maneno yasiyo na hatia. "Chap" nayo imo ndani ya "chapa" na "uchapishaji". Usibadilishe kwa pamoja. Tafuta neno likiwa limesimama peke yake, kwa fomula kama hii, kisha rekebisha kwa macho yako mwenyewe:

```
=REGEXMATCH(B2,"(?i)\bpoa\b")
```

Inajibu TRUE penye "poa" tupu, na FALSE penye "unapoanza".

Kuhusu lipi litoke na lipi libaki, sikuuliza kama neno ni la mtaani. Niliuliza kama watu wote wanaopokea wanalielewa kwa maana moja, na kama kuna mmoja wao linamwacha nje. "Buku tano" ilitoka kwenye meseji za nauli ikawa Sh 5,000, kwa sababu pesa iandikwe kwa tarakimu, ibishaniwe vizuri kama ni ya kubishaniwa. "Laki" ilibaki kwenye mazungumzo lakini kwenye malipo nayo ikawa tarakimu. "Chap" ilitoka kote, si kwa ubaya wake, bali kwa sababu haina saa ndani yake. Kila ilipotoka niliweka saa. "Jamani" si neno la mtaani, ni Kiswahili safi, lakini maana yake inakaa kwenye sauti. Jamani ya kubembeleza na jamani ya kugomba zinaandikwa sawasawa. Kwenye meseji isiyo na sauti niliitoa.

"Machalii" ilikuja na mwenzetu aliyetokea Arusha, na kule ni neno la upendo. Lakini kwenye vikosi vyetu kuna akina mama wanaobeba mizigo kama wanaume, na kuna wapishi wenye wajukuu. Wote hao si machalii. "Mangi" nayo ni ya kwetu Moshi, tunaitana hivyo dukani na barabarani, ila wapagazi wetu wametoka Tanga, Singida, Arusha na kwingineko, na sikutaka mtu ajihisi ni mgeni kwenye meseji ya kazi. Zote mbili zikawa "ndugu zangu", na penye kikosi maalumu nikaandika jina la kikosi.

Halafu kuna "wagumu". Bosi aliliwekea mstari mwekundu akaandika pembeni "wapagazi". Nililipigania. Wagumu ndilo jina ambalo watu wa mlimani wanajiita wenyewe, na wanalibeba kwa fahari. Mtu anakuambia mimi ni mgumu wa miaka kumi. Kila anayepokea analijua kwa maana moja. Likitoka, meseji inakuwa imeandikwa na mtu asiyewajua. Mwishowe tuligawa kwa kuangalia safu ya C. Meseji zinazokwenda kwao wenyewe zinasema wagumu. Zile ambazo nakala yake huenda geti, kwa bima au kwa mhasibu zinasema wapagazi, kwa sababu huko neno lenye maana ya kazi kwenye karatasi ni hilo.

Na "mzigo". Hilo halikuwa na huruma. Kwetu mzigo ni begi, mzigo ni kilo zinazopimwa getini, mzigo ni pesa, wakati mwingine mzigo ni kikundi cha wageni. Nililiacha kwa maana moja tu, kitu kinachobebwa na kupimwa. Pesa ikaitwa malipo kila mahali, wageni wakaitwa wageni, na begi la mgeni likaitwa begi. Kama lingekuwa hivyo ile Alhamisi, meseji yangu ingesomeka:

"Habari za jioni. Mabegi mawili ya wageni wa Machame yamefika. Nahitaji watu 2 wa kuyapeleka Shira kesho, kuondoka ofisini saa 12 asubuhi. Anayeweza ajibu NDIYO. Malipo ya safari ya wiki iliyopita bado hayajatoka, nitawajulisha Jumamosi."

Ni ndefu kuliko ya kwanza, na haina uchangamfu wake. Yule mama angebaki nyumbani kwake na mtoto.

Sitaki ieleweke kwamba tumepiga marufuku. Haya yote ni kwa meseji zilizohifadhiwa, zinazotoka zilezile kwa watu wengi mara nyingi. Mtu akinijibu "NDIYO dada 😂 ila leo baridi", namjibu kama tunavyoongea, na emoji zangu zote zipo. Tofauti ni kwamba pale naiweka kwa ajili yake, kwa jambo alilosema sasa hivi. Uso unaocheka uliohifadhiwa tangu mwaka juzi haumcheki mtu.

Hilo ndilo lililonirudisha kwenye meseji ya rambirambi, mstari wa 31. Ilikuwa na 🙏🙏😭, "R.I.P", na sentensi moja ya kumwachia Bwana. Nilianza kama nilivyofanya kwingine. R.I.P ilitoka. Ile 😭 ilitoka. Kwa 🙏 nilisita, kwa sababu hapa ni sala kweli. Lakini wenzetu Waislamu wanaomba kwa viganja vilivyofunguliwa, na ile sentensi ya Bwana nayo si ya kila nyumba. Nikajaribu kuandika maneno yasiyoegemea upande, "Poleni sana kwa msiba mzito uliowapata", na nafasi ya kujaza jina la marehemu.

Niliisoma kwa sauti mbele ya yule kiongozi wetu. Alinyamaza, kisha akasema mwaka ule alipofiwa na mama yake alipokea meseji ile, na kesho yake akaiona imetumwa kwa mtu mwingine, neno kwa neno, ameiona kwenye simu ya jirani yake msibani.

Kwenye jedwali, mstari wa 31, safu ya B sasa imeandikwa: "Piga simu." Meseji zimebaki 45.